Zaburi ya 107 katika mistari miwili: kisa cha pambio moja la Pemba

Mchungaji alitaka wimbo wa ibada ya shukrani, na masharti yake yalikuwa mawili tu: utoke katika Zaburi ya 107, na uimbwe na kanisa zima bila karatasi. Hakutaka kwaya iuimbe kwa niaba ya watu. Sharti la kwanza lililetwa na msimu. Kusi ilikuwa imekaza, boti za kutoka Unguja zilikuwa zikifika Mkoani na abiria waliotapika njia nzima, na kila Jumapili hakukosekana mtu wa kusimama kushukuru kwamba amevuka salama. Sharti la pili lililetwa na kanisa lenyewe. Wakristo wa Pemba ni wachache, na sisi tunaosali upande huu wa Wete wengi ni watu wa bara: walimu wa skuli, askari, wauguzi, wafanyabiashara. Kila baada ya muda kuna aliyehamishwa. Wimbo wa sauti nne uliofanyiwa mazoezi miezi mitatu unakufa siku teno wawili wanapopewa barua za uhamisho. Pambio linalojulikana na watu wote halihamishwi na mtu.

Kazi hiyo iliniangukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayefundisha kwaya. Naiandika hapa kwa kirefu kwa sababu kila hatua ilikuwa na uamuzi wake, na uamuzi mmoja kati ya hiyo uligusa watu kuliko nilivyotarajia.

Zaburi ya 107 ina aya 43, na ni mfululizo wa visa vya watu wanne tofauti. Wa kwanza wamepotea nyikani kwa njaa na kiu. Wa pili wamefungwa gizani. Wa tatu ni wagonjwa waliofika milangoni mwa mauti. Wa nne ni mabaharia walioshikwa na dhoruba. Ukisoma haraka, sehemu inayomvuta mtu wa kisiwani ni hiyo ya mwisho. Mmoja wa vijana wetu wa sifa alishaitungia mistari kabla hata sijafungua Biblia:

*Dhoruba imetulia, mawimbi yamenyamaza.*

Mstari mzuri. Una mizani nane kila upande, unatamkika, na picha yake kila mtu wa hapa ameiona kwa macho. Hata hivyo niliukataa usiwe kiitikio. Dhoruba ni ya kundi moja kati ya manne, na zaburi haikuirudia mahali pengine. Kiitikio ndicho kitu pekee ambacho mtu atatoka nacho mlangoni. Ukikijaza bahari peke yake, yule aliyekuja ibadani na shida ya kesi au ya hospitali umemwacha nje, ilhali zaburi yenyewe haikumwacha.

Na kulikuwa na sababu kubwa zaidi. Zaburi hii haimhitaji mtunzi aichagulie kiitikio, kwa sababu inacho. Inavyo hata viwili. Katika aya ya 6, 13, 19 na 28 unakuta watu wale wakimlilia Bwana katika dhiki zao naye akiwatoa. Katika aya ya 8, 15, 21 na 31 unakuta mwito wa kushukuru. Kila kundi la watu linapitishwa mahali palepale pawili: kilio, kisha shukrani. Katikati hubadilika visa tu. Mtu anayetafuta ujumbe wa zaburi hii kwa ajili ya pambio asianze na aya inayompendeza. Aanze na kile ambacho zaburi imekirudia mara nne, maana mwenye zaburi ameshasema kipi kiimbwe na wote.

Shida ni kwamba viitikio hivyo, jinsi vilivyo katika Biblia ya Union Version, haviimbiki na umati. Huu hapa wa pili: “Na wamshukuru BWANA, kwa fadhili zake, Na maajabu yake kwa wanadamu.” Hesabu silabi, ukikumbuka kwamba ile “m” ya “wamshukuru” inasimama peke yake kama silabi. Utapata nane, kisha sita, kisha saba, kisha tano. Msomaji haimsumbui, kwa sababu anapumua anapotaka. Watu sabini wanaoimba pamoja wanahitaji kupumua pamoja, na vipande vinavyorefuka na kufupika hivyo huwafanya nusu ya kanisa waingie mapema na nusu wachelewe. Kwaya huweza kuvizoea. Mgeni aliyeingia Jumapili hiyo hawezi.

Lakini tazama mwanzo wa kila kiitikio. “Wakamlilia Bwana”: wa-ka-m-li-li-a-Bwa-na, nane. “Na wamshukuru Bwana”: na-wa-m-shu-ku-ru-Bwa-na, nane. Nusu mbili za ubeti zilikuwa zimelala pale tayari, na kwa sikio la mtu aliyekulia mwambao mizani nane ni nyumbani. Ndicho kipande cha shairi la kawaida ambalo hata mtoto wa skuli analighani. Hivyo sikuhitaji kubuni mwanzo wa mistari. Nilihitaji kuimalizia.

Kabla ya kuimalizia kulikuwa na suala la nani anasema. Zaburi inasema “wa”: wakamlilia, na wamshukuru. Inasimulia habari za watu na kuwaagiza washukuru. Kanisa zima likiimba “na wamshukuru” linakuwa linawaimbia wengine ambao hawapo, na nimeshaona nyimbo za namna hiyo zinavyopoa: watu huimba huku wakiangalia huku na huku kama wanaosoma tangazo. Kubadili “wa” kuwa “tu” hakuongezi wala kupunguza silabi. “Tulimlilia Bwana” ni nane, “Na tumshukuru Bwana” ni nane. Badiliko ni dogo kwa macho, ila linamtoa mwimbaji kwenye kiti cha mtazamaji na kumtia ndani ya kisa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito, kwa sababu mtu akisema “tu” anaapa kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilipeleka mistari hii kwenye mazoezi ya Alhamisi:

*Tulimlilia Bwana, naye akatuokoa;*
*Na tumshukuru Bwana, fadhili ametutoa.*

“Fadhili ametutoa” haikumpendeza mtu, hata mimi, na niliileta kwa kuwa nilikuwa natafuta kina cha “okoa”. Hiyo ningeirekebisha. Kilichozuka kilihusu neno “akatuokoa”. Mama mmoja wa sauti ya pili aliimba mara ya kwanza, akanyamaza mara ya pili. Tulipopumzika akaniita pembeni.

“Mwalimu, hapo mimi nitakuwa nanyamaza. Usinione mkaidi.”

“Kuna nini, mama?”

“Sisi tulilia vilevile. Ndugu yangu hakuokoka.”

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba. Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Hapa Pemba huwezi kuwakusanya watu wazima katika chumba kimoja, wa dini yoyote, ukakosa aliyepoteza mtu katika meli ile ya kwanza. Na mimi nilikuwa nataka watu hao waimbe, kwa nafsi ya kwanza, katika msimu wa kusi, kwamba walilia wakaokolewa.

Nilipolisema jambo hili mbele ya wengine, mzee mmoja wa kanisa alinipinga vikali, na hoja yake haikuwa nyepesi. “Zaburi haisemi walisikiwa tu,” alisema. “Inasema aliwaponya. Ukitoa uokovu, umetoa ushuhuda wenyewe. Kesho mtaimba kwamba Bwana alisikia akanyamaza?” Alikuwa sahihi kuhusu maandiko. Aya ya pili ya zaburi inataja waziwazi nani wanaosema: wale waliokombolewa na Bwana. Ni zaburi ya walionusurika. Waliozama hawapo humo kutoa ushahidi.

Ila hapo hapo, kwa maoni yangu, ndipo jibu lilipokuwa. Kama zaburi ni ushuhuda wa walionusurika, basi maneno ya kunusurika yana wenyewe, nao ni makundi manne yanayotajwa kwa “wa”. Mwimbishaji anaweza kusimulia kwamba *wao* waliokolewa, maana hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hakuna mtu kanisani anayelazimika kuapa. Kinachobaki kwa “tu” kiwe kile ambacho kila aliyeketi pale anaweza kukisema bila kujikwaa. Alilia. Na anaamini alisikiwa. Mchungaji aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani: kuelekea mwisho, katika aya ya 39, watu walewale waliobarikiwa wanapungua tena na kuinamishwa kwa mateso na huzuni. Zaburi yenyewe haijajifungia kwenye mwisho mwema.

Kwa hiyo “akatuokoa” likaondoka kwenye kiitikio na “akatusikia” likaingia, silabi kwa silabi. Uokovu ukahamia kwenye beti, ukabaki katika kila ubeti isipokuwa wa kwanza. Kwa kina kipya cha “-kia”, mstari wa pili ukajirekebisha wenyewe:

*Tulimlilia Bwana, naye akatusikia;*
*Na tumshukuru Bwana, fadhili zatufikia.*

Mzee hakuridhika, na sikumlaumu. Alisema maneno sasa yamelegea. Yule mama aliimba.

Sauti zilichukua muda mfupi kuliko maneno, lakini zina mambo mawili ambayo mtunzi wa pambio la Kiswahili asipoyaangalia yatamharibia kazi.

La kwanza ni mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mpigo wenye nguvu wa muziki unapaswa kuikuta silabi hiyo. Nyimbo nyingi tulizozirithi zilitiwa maneno ya Kiswahili juu ya tuni za kigeni, ndiyo maana tumezoea kuimba maneno yakiwa yamepinda bila kushtuka. Katika pambio jipya hakuna kisingizio. Mistari yetu ilinirahisishia: “tulimliLIa BWAna” ina mikazo katika silabi ya tano na ya saba, na “na tumshuKUru BWAna” vilevile ya tano na ya saba. Kwa hiyo tuni moja ilitosha kwa nusu zote mbili za mwanzo, jambo linalomrahisishia anayejifunza kwa sikio. Katika hesabu ya nne, silabi mbili kwa kila mpigo, ya tano inaangukia mpigo wa tatu na ya saba inaangukia wa nne. “FaDHIli” peke yake ilikaa vibaya, kwa sababu mkazo wake uko kwenye silabi ya pili, katikati ya mpigo. Tuliifupisha “fa” na kuirefusha “dhi”, na neno likakaa.

La pili ni ile “m” ya kusimama peke yake. Inatokea katika “tulimlilia” na katika “tumshukuru”, na zote mbili zinaangukia silabi ya tatu, yaani juu ya mpigo. Huwezi kuishikilia “m” kwa kinywa wazi. Umati ukipewa nota ndefu hapo, au nota inayopanda, utajitafutia irabu: utasikia “tulimulilia” na “tumushukuru”, mizani inaongezeka, na wenye kuimba “m” na wenye kuimba “mu” wanaachana. Dawa ni kuiweka “m” kwenye sauti ileile ya silabi iliyoitangulia, na kuipita upesi. Nusu ya kwanza ikawa hivi kwa sol-fa: so ya chini, do, do, re, mi, re, do, do. “M” iko kwenye do ya pili, haina pa kwenda, midomo inafungwa na kufunguka. Kilele cha mstari, mi, kimeikuta silabi yenye mkazo ya “kulilia”.

Nusu ya pili inapanda: mi, mi, re, re, mi, fa, so, so, kiasi kwamba “akatusiKIa” linafika juu kabisa. Nusu ya mwisho inateremka: mi, so, fa, mi, re, re, do, do. Wimbo mzima unakaa kati ya so ya chini na so ya juu, oktava moja. Mpiga kinanda alipenda do iwe A kwa kuwa ndipo anapopiga vizuri. Ukifanya hivyo, so ya juu inakuwa E, na nilijua kitakachotokea, kwa sababu ndicho hutokea kila mara: wanaume wanaimba nusu ya kwanza kwa nguvu, wakifika “akatusikia” wanashuka oktava nzima au wananyamaza, na kanisa linabaki na sauti za wanawake peke yake kwenye neno lililo kitovu cha wimbo. Tukaishusha do hadi F. So ya juu ikawa C, ambayo mwalimu mwenye mafua na bibi wa miaka sabini wanaifikia saa mbili asubuhi. Kiwango cha kwaya kisitumike kamwe kupima kiwango cha kanisa. Kwaya imeshapasha koo.

Beti tuliziweka kwa mwimbishaji peke yake, kwa nafsi ya tatu kama zaburi ilivyo, na hapo nilijiruhusu vina vya kati na vya mwisho, na maneno mazito kidogo, kwa kuwa hakuna anayetakiwa kuyakariri isipokuwa mtu mmoja:

*Walitangatanga nyika, njaa na kiu vikali,*
*Mji hawakuufika, na njia ingali mbali.*

*Walifungwa kwa mapingo, gizani wakajikunja,*
*Ya shaba ile milango, Bwana mwenyewe kavunja.*

*Walishuka baharini, mawimbi yakainuka,*
*Wakaletwa bandarini, upepo ukakatika.*

Ubeti wa kwanza unaishia kabla ya msaada kufika, na hilo ni la makusudi. Mwimbishaji anawaacha watu njiani, kisha kanisa linaingia na “tulimlilia”. Katika beti mbili zinazofuata kilio kimeachwa nje kabisa, tunaruka kutoka mawimbi hadi bandari, kwa sababu kiitikio kimeshakibeba. Ukirudia kilio katika ubeti na katika kiitikio, wimbo unasota mahali pamoja. Ubeti wa pili, nauona, hubadilika uzito ukiimbwa Unguja kwenye kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sikuuandika kwa ajili ya huko, lakini minyororo katika visiwa hivi haihitaji maelezo.

Na kijana aliyekuja na dhoruba alipata dhoruba yake, ikiwa mahali inapostahili, mwisho, kama ilivyo mwisho katika zaburi.

Mtaona wagonjwa hawapo. Zaburi inasema watu hao waliteseka kwa upumbavu na maovu yao, na sikuwa tayari kuliweka hilo katika wimbo mbele ya familia iliyotoka hospitali ya Wete jana yake. Kuliimba bila kulieleza ni ukatili, na pambio halina nafasi ya kueleza. Baadaye wauguzi wawili wa kanisani walilalamika, kwa haki, kwamba tumewaruka watu wao. Nikaandika ubeti unaochukua ugonjwa na uponyaji na kuiacha sababu:

*Wagonjwa walilegea, chakula wakakinai,*
*Neno lake latokea, wakajaliwa uhai.*

Chakula kimo katika zaburi: wagonjwa wale hawakitaki kabisa, dalili ambayo wauguzi walisema ndiyo ya kwanza wanayoiandika wodini. Neno linalotumwa kuponya limo pia. Lawama haimo, na ninajua kwamba nimekata kitu. Mchungaji alikubali kwa sharti kwamba yeye ataihubiri aya hiyo yote siku moja, ili watu wasidhani imefichwa.

Kuufundisha ulikuwa mtihani wa mwisho. Hatukuandika popote. Mwimbishaji aliimba kiitikio chote mara mbili peke yake, kisha nusu kwa nusu watu wakifuata, kisha kizima. Haya ndiyo ninayoyasikiliza wakati huo, na sisikilizi uzuri wa sauti. Nasikiliza kama mistari inaanza na watu wengi au inaanza na wachache kisha wengine wanadandia. Wakidandia, maana yake mwanzo wa mstari haukumbukiki. Kwetu mianzo ilishikwa mara moja. “Tulimlilia” na “na tumshukuru” zina tuni moja na zinafuatana kama kilio na shukrani vinavyofuatana katika akili ya mtu yeyote.

Kasoro ilitokea mwishoni. “Akatusikia” na “zatufikia” zina kina kimoja na zinakaribiana sauti, na mara ya kwanza sehemu nzima ya kushoto iliimba “naye akatufikia” mapema, kisha ikakosa la kusema mwishoni. Kina kinachomfurahisha mshairi ndicho kinachomchanganya mwimbaji asiye na karatasi. Sikubadili maneno. Nilimwomba mwimbishaji ainue mkono tuni inapopanda kwenye “akatusikia” na kuushusha inapoteremka kwenye “zatufikia”, na nikamwomba mpiga kinanda asipige chochote katika mpigo mmoja kabla ya “fadhili”, ili neno lenyewe lisikike likiingia. Watoto walilishika kabla ya wakubwa, na ukishawapata watoto wa safu ya mbele wakubwa watawafuata.

Jumapili ya shukrani pambio liliimbwa baada ya ushuhuda, hali wengine wakiwa bado wamesimama. Tulipunguza spika kama kawaida yetu, majirani wasije wakakereka. Kanisa liliimba kiitikio mara nyingi kuliko tulivyopanga kwa sababu mwimbishaji alisahau ubeti wa pili, na hakuna aliyegundua isipokuwa kwaya, jambo ambalo kwa wimbo wa namna hii ni sifa. “M” zilikuwa fupi. Wanaume hawakushuka.

Mzee wa kanisa, aliyeketi karibu na mlango, aliimba “akatuokoa” kila mara kwa sauti yake nene ya besi. Silabi ni zilezile, mkazo uko palepale, kwa hiyo hakuharibu kitu. Ukikaa upande wake unasikia maneno mawili yakipita pamoja kwenye so moja. Kijana wa sifa aliniuliza kama amrekebishe. Nilimwambia amwache. Mzee yule aliwahi kushikwa na bahari mkondo wa Nungwi akiwa ndani ya jahazi, na katika zaburi hiyo yeye ni wa kundi la nne.